Viambishi vinavyogeuza aina ya neno katika Kiingereza

NENO la Kiingereza 'care', yaani uangalifu, lina ukoo ambao humkanganya mwanafunzi si kwa maana, bali kwa aina ya neno. Nomino hiyo ikiongezwa '-ful' hugeuka kuwa kivumishi 'careful', mwangalifu. Ikiongezwa '-less' huwa 'careless', mzembe, ambacho pia ni kivumishi. Nacho kivumishi hicho kikipokea '-ness' hurejea katika safu ya nomino: 'carelessness', uzembe.

Siri iko katika kujua kwamba kila kiambishi tamati huchagua mwenyeji wake. '-ness' hukaa baada ya kivumishi. '-ment' kwa kawaida hufuata kitenzi, kama 'punish', kuadhibu, kinavyozaa 'punishment', adhabu. '-ful' na '-less' hupendelea nomino, ingawa wapo wakaidi kama 'tireless', asiyechoka, lililotokana na kitenzi. Ndiyo sababu hakuna 'carefulless' wala 'carelessment'.

Tuchukue swali la mtihani: 'He lost his job because of his ...', na neno lililotolewa ni 'care'. Wengi hujaza 'careless', kwa kuwa ndilo lenye maana ya kosa. Lakini baada ya 'his' pale mwishoni panahitajika nomino. Nomino zilizopo ni 'care' yenyewe, 'carefulness' na 'carelessness'. Hapo ndipo maana huamua: mtu hafutwi kazi kwa uangalifu wake, hivyo jibu ni 'carelessness'.

Msemaji wa Kiswahili ana udhuru wake. Katika lugha yake, kazi ya '-ness' mara nyingi hufanywa na kiambishi mwanzo: '-zembe' huwa 'uzembe', '-vivu' huwa 'uvivu'. Sikio lake limezoea kutafuta aina ya neno mwanzoni, ilhali Kiingereza huificha mwishoni.

Mtego mwingine ni kudhani kwamba '-ful' na '-less' ni kinyume siku zote. 'Helpful' ni mtu anayesaidia wengine, lakini 'helpless' ni yule asiyejiweza, wala si mchoyo wa msaada. 'Shameful' husemwa kuhusu kitendo cha aibu na 'shameless' kuhusu mtu asiye na haya. Yote mawili ni lawama. Isitoshe, 'priceless' si kitu duni, bali kile ambacho thamani yake haikadiriki. Na yapo maneno yenye ndugu mmoja tu: kuna 'beautiful', lakini hakuna 'beautiless'.

Tahajia nayo ina ukali wake. '-ful' huandikwa kwa 'l' moja, hata kama 'full', neno linalojitegemea, lina mbili. Ya pili huonekana tu kielezi kinapoundwa, kama katika 'carefully'. 'Happy' hubadilisha 'y' kuwa 'i' katika 'happiness', na 'argue' hupoteza 'e' katika 'argument'.