Atalindwa na Nani? Kauli ya Kutendwa katika Sera za Utoaji Taarifa Kazini

Waandishi wengi wa sera hueleza ukimya wa wafanyakazi kwa neno moja, woga, na dawa yao ni sanduku la maoni na ahadi ya kutotaja jina. Woga upo. Ninachopinga ni kuuanzia mjadala hapo, ilhali sera yenyewe haijasema mtu aende kwa nani.

Tazama sentensi ya aina inayojirudia: “Taarifa zitapokelewa kwa usiri na kufanyiwa kazi ipasavyo, na mtoa taarifa atalindwa.” Vitenzi vyote viko katika kauli ya kutendwa, na hakuna chenye mtenda. Tuseme karani wa bohari anakuta hati ya kupokelea mzigo inasema mifuko 200 ya saruji, naye alihesabu 160 ikishushwa. Kwa kuwa sera haimtaji mpokeaji, anabaki na mkuu wa idara, ambaye ndiye aliyetia saini hati ile. Akitumia sanduku bila kutaja jina, haitamsaidia, kwa kuwa hati hiyo huonwa na watu watatu tu. Kabla ya saa sita mchana atajulikana. Jina limefichwa, mtu hakufichwa.

Kuiandika upya sentensi hiyo ni kumtaja mtenda. Taarifa itapokelewa na mkaguzi wa ndani. Ikimhusu yeye au mkurugenzi, itakwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi. Mpokeaji atathibitisha ndani ya siku 7 kwamba ameipata, na ndani ya miezi 3 ataeleza hatua iliyochukuliwa. Vipimo hivyo vimo katika Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2019 kuhusu ulinzi wa watoa taarifa, na sioni sababu ya kampuni ya Nairobi au Mwanza kushindwa kuviazima.

“Atalindwa” ndilo neno gumu zaidi. Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016 inamtishia faini au kifungo anayemwadhibu mtoa taarifa, lakini adhabu hiyo huja baada ya madhara. Agizo la Ulaya linafanya jambo la maana zaidi: linamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba uhamisho au ushushwaji cheo haukuwa kisasi. Sera inaweza kulisema kwa lugha nyepesi: kwa miezi 12, hakuna atakayemhamisha karani huyu kabla ya kuieleza kamati sababu kwa maandishi.

Wapo wanaohofia wachongezi. Kwao inatosha kumdai mtoa taarifa sababu za msingi za kuamini, wala si ushahidi kamili, na kumwadhibu anayesema uongo kwa kujua.

Pingamizi linalonisumbua ni la ofisi ndogo, ambako hata mpokeaji mwaminifu humfichua mtu kwa swali lake la kwanza. Mkaguzi akiomba hati ile moja, ameshamtaja karani. Aombe za mwezi mzima, kutoka bohari zote. Ikiwa bohari ni moja tu, huenda lisibaki lingine ila kumpokea mtoa taarifa nje ya taasisi kabisa.