Lema ya Barbălat na Pengo katika Thibitisho za Udhibiti Unaojirekebisha

Mwaka 1959 mwanahisabati wa Rumania, Ion Barbălat, alichapisha mjini Bucharest makala ya Kifaransa kuhusu milinganyo ya mitetemo isiyo ya mstari. Humo mlikuwamo lema fupi aliyoihitaji kama zana tu. Mwenzake wa nchi hiyo hiyo, V. M. Popov, aliitumia katika kitabu chake kuhusu uthabiti wa mifumo ya udhibiti, na toleo la Kiingereza la mwaka 1973 likaifikisha mbali. Insha hii inaeleza ni pengo gani lema hiyo iliziba.

Pengo lenyewe linatokana na dhana inayoonekana kuwa ya kweli. Ikiwa ishara si hasi kamwe, na eneo lote lililo chini ya mchirizo wake hadi muda usio na mwisho ni idadi yenye kikomo, wengi hudhani kwamba ishara hiyo lazima ififie hadi sifuri. Sivyo. Tuchore pembetatu nyembamba katika kila sekunde n, kuanzia n = 2, yenye kimo 1 na kitako 2/n²; kwingineko ishara iwe sifuri. Eneo la kila pembetatu ni 1/n², na jumla ya 1/4 + 1/9 + 1/16 na kuendelea haifiki hata 1. Hata hivyo kilele cha kila pembetatu kinabaki 1 milele. Pembetatu hizo hazipungui kimo, bali huwa nyembamba zaidi, na mteremko wa ubavu wa kila moja ni n². Kwa maneno mengine, ishara hii hukwepa sifuri kwa kuwa kasi yake ya kupanda na kushuka haina ukomo.

Barbălat aliizuia njia hiyo ya kukwepa. Lema yake yasema: ikiwa intigrali ya ishara ina kikomo, na ishara yenyewe ina mwendelezo sare, basi ishara huelekea sifuri. Hoja ni fupi. Tuchukulie kuwa haielekei sifuri. Basi kuna kiasi ε ambacho ukubwa wa ishara hukifikia tena na tena, bila kukoma. Kwa sababu ya mwendelezo sare, kila inapokifikia hubaki juu ya nusu yake kwa muda usiopungua δ fulani, na δ hiyo ni ile ile daima. Kila tukio basi huchangia eneo lisilopungua εδ/2, na intigrali haiwezi kutulia.

Wahandisi walikutana na pengo hili kwa njia nyingine. Kanuni ya kurekebisha vigezo iliyobuniwa katika chuo cha MIT mwishoni mwa miaka ya 1950 iliweza kuuyumbisha mfumo, na mwaka 1966 P. C. Parks alipendekeza kanuni zitokane na mbinu ya Lyapunov. Katika umbo lake jepesi, e ni kosa la ufuatiliaji, φ ni kosa la kigezo na w ni ishara inayopimwa:

```
e' = -e + φ·w(t)
φ' = -e·w(t)
V  = e² + φ²
V' = -2e²
```

V haiongezeki, kwa hiyo e na φ zina mipaka. Lakini V' haina φ ndani yake. Haituambii kwamba V yote inakwisha. Kanuni ya LaSalle, ambayo kwa kawaida hukimbiliwa hapa, huhitaji milinganyo isiyobadilika na wakati, ilhali w(t) inabadilika. Tulichobaki nacho ni kwamba intigrali ya e² haizidi V(0)/2. Hapo ndipo thibitisho nyingi huruka na kuandika “kwa hiyo e huelekea sifuri”. Rasimu yangu ya kwanza iliruka vivyo hivyo.

Ukarabati ni mstari mmoja. Ikiwa w ina mipaka, e' nayo ina mipaka; basi kasi ya mabadiliko ya e², yaani 2e·e', ina mipaka, na e² ina mwendelezo sare. Lema inafanya kazi iliyobaki.

Neno “ikiwa” katika mstari huo si dogo. Mara nyingi w hubeba matokeo ya mtambo wenyewe. Katika mtambo wa daraja la kwanza haidhuru, kwa kuwa mipaka ya e na ya mfumo-kielelezo hutoa mipaka ya w. Katika mitambo ya daraja la juu mipaka hiyo haikupatikana kirahisi. Thibitisho kamili zilitolewa mwaka 1980, na A. S. Morse kwa upande mmoja, na Narendra, Lin na Valavani kwa upande mwingine.

Lema haisemi lolote kuhusu φ. Tuseme w ni sifuri daima: e inafifia, lakini φ inabaki pale pale ilipoanzia. Ili vigezo vyenyewe vifikie thamani za kweli, w sharti iendelee kuuchochea mfumo bila kukoma, na hilo huthibitishwa kwa hoja nyingine kabisa.