Kwa Nini M. K. Stalin Hana Jina la Ukoo? Stori ya Herufi za Mbele na Fomu Zisizozielewa

Kama wewe ni mdau wa muvi za Kitamil, hili utakuwa umeliona. Majina yanapopita kwenye skrini, mengi yana herufi moja, mbili au tatu mbele, halafu ndiyo linakuja jina lenyewe. Wengi hudhani ni swaga tu, au kwamba mtu ameficha jina la kwanza akabakiza la ukoo, kama wanavyofanya Wazungu. Hapana. Kwa watu wengi wa Tamil Nadu, jina la mwisho ndilo jina la mtu mwenyewe, alilopewa alipozaliwa. Zile herufi za mbele ndizo zinazosema ametoka wapi na ni mtoto wa nani. Jina la ukoo halipo kabisa.

Njia rahisi ya kuelewa ni kuifuata familia moja maarufu. M. Karunanidhi alikuwa mwandishi wa muvi kabla ya kuwa Waziri Kiongozi wa Tamil Nadu. Ile M ni Muthuvel, jina la baba yake. Mwaka 1953 alipata mtoto wa kiume akampa jina la Stalin, ndiyo, yule yule wa Urusi, aliyefariki siku chache tu baada ya mtoto huyo kuzaliwa. Mtoto akawa M. K. Stalin: Muthuvel ni babu, Karunanidhi ni baba, Stalin ni yeye. Mwaka 2021 naye aliapishwa kuwa Waziri Kiongozi. Mwanawe, aliyeanzia kwenye muvi kabla ya kuingia siasa, anaitwa Udhayanidhi Stalin. Vizazi vitatu, damu moja, na hakuna jina la familia linaloshuka kutoka babu hadi mjukuu. Kinachoshuka ni jina la baba, hatua moja moja, kisha linaachwa.

Msomaji wa Pwani atasema mbona hii tunaijua. Ali mtoto wa Juma anaitwa Ali Juma, na mwanawe Hassan anaitwa Hassan Ali. Ni kweli, akili ni ile ile. Tofauti ni kwamba Mtamil kwa desturi humtanguliza baba mbele, tena kwa herufi moja tu.

Wakati mwingine herufi ya kwanza kabisa si mtu, ni mahali. C. N. Annadurai, Waziri Kiongozi kuanzia 1967 hadi kifo chake 1969, alikuwa Conjeevaram Natarajan Annadurai. Conjeevaram ni tamko la kikoloni la mji wa Kanchipuram, Natarajan ni baba. Na si lazima awe baba. Mwimbaji M. S. Subbulakshmi, mwanamuziki wa kwanza kupewa Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya kiraia nchini India, alibeba Madurai, mji aliozaliwa, na Shanmukhavadivu, jina la mama yake. Alizaliwa katika jamii ya wanawake wasanii ambako ukoo ulihesabiwa kwa mama, na herufi yake ikasema hivyo hivyo bila kuomba radhi kwa mtu.

Sasa tuje kwenye swali zito: kwa nini hawana jina la ukoo?

Zamani wengi walikuwa na kitu kilichokaa nyuma ya jina: Iyer, Pillai, Mudaliar, Nadar, Naicker na mengine. Lakini hayo hayakuwa majina ya familia. Yalikuwa majina ya tabaka. Mtu akilitaja tu, aliyesikia alijua papo hapo amkaribishe sebuleni au amwache nje. Mwaka 1925 likaanza Vuguvugu la Kujiheshimu, likiongozwa na E. V. Ramasamy, ambaye watu humwita Periyar. Mwaka 1929 lilifanya mkutano wake mkubwa Chengalpattu, na moja ya maazimio lilikuwa kuyatupa majina ya tabaka. Yeye mwenyewe aliacha Naicker. Alichobaki nacho ni E ya Erode, mji wake, V ya Venkatappa, baba yake, na Ramasamy.

Si kila mtu alifuata, na wapo wanaotumia majina hayo hadi leo. Ila kwa mamilioni ya familia za Tamil Nadu, nafasi ya nyuma ya jina iko wazi kwa makusudi. Haikusahaulika. Iliachwa tupu ili mwalimu, bosi au mwenye nyumba asiweze kukupima tabaka kwa kusoma jina lako.

Halafu inakuja fomu, na kisanduku chake kinauliza: jina la ukoo ni lipi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Dada mmoja anaitwa Meena, baba yake ni Subramanian. Shuleni ameandikwa Meena S. Chuoni ni S. Meena. Aadhaar, kitambulisho cha India, kina mstari mmoja tu wa jina, kwa hiyo hapo hakuna shida. Shida inaanza kwenye PAN, namba ya mlipa kodi. Fomu yake inalazimisha jina la mwisho, na inaelekeza kwamba mwenye jina moja tu aliweke hapo. Kama Meena hataki kumwingiza baba yake, basi kwa watu wa kodi "Meena" linakuwa jina la ukoo.

Akienda kuomba pasipoti, mambo yanageuka. Fomu ya pasipoti ya India ina visanduku viwili, jina la ukoo na jina alilopewa mtu, na inasema wazi kwamba herufi za kifupi haziruhusiwi. Ile S lazima ifunguliwe. Hapo Meena ana njia mbili, na kila moja ina kasheshe yake.

Njia ya kwanza ni kumweka baba kwenye kisanduku cha ukoo. Mstari wa kusomwa na mashine, ule wa chini kwenye ukurasa wenye picha, utatoka hivi:

```
P<INDSUBRAMANIAN<<MEENA<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Mashine inasoma kilichotangulia alama mbili `<<` kuwa ukoo, na kinachofuata kuwa jina la mtu. Kiufundi kila kitu kiko freshi. Lakini Meena akifika kazini ughaibuni, barua pepe zinakuja kwa "Bi. Subramanian", yaani anaitwa kwa jina la baba yake mzazi, la kiume, kila siku ya kazi. Akiolewa na Rajan, ambaye pasipoti yake imebeba jina la baba yake Rajan, na wakapata mtoto aitwaye Arun, mtoto atakuwa Arun Rajan. Familia moja inasimama mbele ya afisa uhamiaji na majina matatu tofauti kwenye kisanduku cha ukoo. Hapo maswali ya "huyu mtoto ni wako kweli?" si ya kushangaza.

Na kuna desturi nyingine. Wanawake wengi wakiolewa hubadilisha herufi, wanatoa ya baba na kuweka ya mume. Kwa hiyo Meena anakuwa R. Meena nyumbani kwake, huku vyeti vyote vya shule vikiendelea kusema S. Mwajiri wa nje anayelinganisha cheti na pasipoti anaona watu wawili.

Njia ya pili ni kukiacha kisanduku cha ukoo kitupu. India inaruhusu, na wengi wamefanya hivyo kwa sababu ndiyo ukweli wenyewe: jina lao ni moja. Tatizo ni kwamba nchi nyingine hazijui zifanye nini na nafasi tupu. Kwenye viza ya Marekani jina hilo moja husogezwa kwenye ukoo, na kwenye jina la kwanza huandikwa FNU, kifupi cha maneno yanayomaanisha jina la kwanza halijulikani. Kuanzia hapo FNU inaweza kumfuata mtu hadi kwenye leseni ya udereva na kadi ya benki, na kuna watu wamejikuta wakiitwa "Fnu" kwenye foleni kana kwamba ndilo jina walilopewa na mama zao. Mashirika mengine ya ndege humtaka abiria aandike jina lake mara mbili, kwa hiyo tiketi inasema Meena Meena.

Novemba 2022 ilikuwa noma zaidi. Mashirika ya ndege ya India yalitoa taarifa kwamba Falme za Kiarabu hazitawaruhusu wasafiri wa viza ya matembezi wenye jina moja tu kwenye pasipoti. Fikiria umeshakata tiketi ya kwenda Dubai kumwona dada yako. Baadaye ikafafanuliwa kwamba kama jina la baba au la familia limeandikwa kwenye ukurasa wa pili wa pasipoti, linakubalika. Herufi ya baba iliyokataliwa kwenye ukurasa wa mbele ikawa ndiyo inayookoa safari kwenye ukurasa wa nyuma.

Hata mastaa hawakupona. Bingwa wa zamani wa dunia wa chesi, Viswanathan Anand, jina lake ni Anand. Viswanathan ni baba yake. Lakini dunia ilisoma kwa mtindo wa Kizungu, ikaliona la mbele kuwa jina la kwanza, ikalikata likawa "Vishy". Jina la utani linalojulikana kwenye kila bodi ya chesi duniani ni la baba mtu.

Kwa vitendo, wanaojua mchezo huu huamua mapema. Huchagua namna moja ya kuifungua herufi, tahajia ile ile kwa kila herufi, na kuitumia kwenye pasipoti, benki na PAN. Pale vyeti vya zamani vinapogoma kulingana, hula kiapo mbele ya mthibitishaji kwamba S. Meena na Meena Subramanian ni mtu mmoja. Kama jina linabadilishwa rasmi, tangazo huchapishwa kwenye gazeti la serikali. Wazazi wengine wa sasa hukata kabisa mzizi wa fitina: humwandikisha mtoto tangu siku ya kwanza jina lake likiwa mbele na la baba likiwa nyuma, kama Udhayanidhi Stalin, ili fomu itulie.

Ndiyo maana hili si suala la makarani tu. Kizazi cha Periyar kilifuta jina la nyuma ili mtu asihukumiwe kwa ukoo aliozaliwa. Miaka karibu mia baadaye, wajukuu wao wanaambiwa na skrini kwamba hawawezi kubonyeza "endelea" mpaka wajaze nafasi ile ile.

Na wewe je, kwenye pasipoti yako, kisanduku cha ukoo kimekaliwa na ukoo kweli, au yuko babu aliyebandikwa hapo ili fomu ikubali? Dondosha stori yako hapo chini.