Madaftari Mezani: Hoja Kuhusu Mikutano ya Klasta Kariakoo

Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) huanzia kwenye jumuiya ya kujifunza ndani ya shule, kisha walimu wa shule jirani hukutana kwenye klasta. Hoja yangu ni kwamba klasta ina jambo ambalo jumuiya ya shule haiwezi kulitoa: humwonyesha mwalimu ni tatizo lipi ni lake na lipi ni la wote.

Tuchukue mfano wa hesabu za sehemu. Mwanafunzi anajumlisha 1/2 na 1/3, anaandika 2/5. Amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kama anavyojumlisha namba nzima. Mwalimu aliye peke yake hudhani darasa lake ni zito, au yeye ndiye hakufundisha vizuri. Lakini walimu wa Kariakoo, Gerezani na Mchikichini wakiweka madaftari mezani na kulikuta kosa lilelile, mjadala hubadilika. Mmoja anaeleza kwamba huwauliza wanafunzi kwanza: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko 1/2? Ni ndogo, na mtoto anayeliona hilo anatambua mwenyewe kwamba jibu lake haliwezekani, maana ameongeza kitu kwenye nusu akapata pungufu ya nusu. Kanuni ya asili ya pamoja inakuja baadaye, ikiwa na sababu.

Mkutano wa namna hii huharibika kila shule inapotuma mwakilishi mmoja, mara nyingi mwalimu wa taaluma, ili “akawafikishie wenzake”. Slaidi zinafika shuleni, lakini yale mazungumzo juu ya madaftari yanabaki ukumbini. Dalili yake ni rahisi kuiona: mrejesho unakuwa orodha ya mada, bila kosa hata moja la mwanafunzi.

Wengine watasema walimu wengi hivyo hawatakuja bila posho. Upande wa afya kuna ushahidi wa kufikiriwa kuhusu hilo. Semina za PartoMa kwa wahudumu wa wodi ya uzazi katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, zilifanyika nje ya saa za kazi, kwa hiari, zikitumia mwongozo mfupi ulioandaliwa pamoja na wahudumu wa wodi yenyewe. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada katika hospitali moja, kwa hiyo hauthibitishi kila kitu. Hata hivyo unatilia shaka imani kwamba pasipo posho hakuna atakayekuja.

Katikati ya jiji umbali si kikwazo kikubwa. Shule nyingi zinafikika kwa miguu. Kikwazo ni zamu. Shule yenye wanafunzi wa asubuhi na wa mchana haina saa ambayo walimu wote wako huru, na mkutano wa saa nane huwaacha wa mchana kila mara. Afisa Elimu Kata anaweza kupishanisha saa za mikutano, na kuita walimu wawili wa darasa na somo moja kutoka kila shule, kila mmoja na madaftari matano ambayo hayajasahihishwa.