Nywele za kwenye picha: mambo ya kukagua kabla hujatuma pesa

Wateja wangu wengi hapa Moiben hawaendi tena dukani kununua nywele za kushonea. Wanaziona kwenye simu. Muuzaji yuko Mombasa au Nairobi, picha inakuja kwa WhatsApp, pesa inakwenda kwa M-Pesa, mzigo unapandishwa basi la Eldoret, na mwendesha bodaboda anaumalizia hadi mlangoni. Kule nyumbani Pwani mtu huingia Marikiti, akazishika nywele, akazinusa, akazivuta. Huku tuna picha tu, na kurudisha mzigo Mombasa ni gharama nyingine juu ya ile ya kwanza.

Nitachukua mfano mmoja, maana mengi yalijitokeza humo. Dada mmoja ambaye mdogo wake alikuwa akiolewa aliniletea simu yake saluni. "Mama, hebu nitazamie hizi kabla sijatuma." Muuzaji alikuwa anauza vifungu vitatu vya inchi 20 kwa shilingi 6,000 vyote. Picha ilikuwa ya mwanamke mrembo, nywele zimemwagika mgongoni, na chini yake maneno "100% Human Hair", "Brazilian" na "12A".

Maneno hayo nayapita haraka. Hiyo 12A si kipimo cha mtu yeyote. Hakuna shirika linalopima nywele na kuzipa daraja, kila muuzaji hujiandikia. Na jina la nchi ni jina la biashara tu. Nywele nyingi za binadamu zinazouzwa duniani hutoka India na nchi nyingine za Asia. Mahujaji wanaonyoa vichwa katika hekalu la Tirumala, India, ni chimbuko moja kubwa, na nywele zao huuzwa kwa mnada. Hazijaiona Brazil.

Picha ya mrembo nayo haina kazi. Ile ni picha ya tangazo, na huenda wauzaji ishirini wanayo hiyo hiyo. Nilimwambia amwombe muuzaji picha nyingine nne: kifungu kimelazwa juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, bila taa ya simu, ncha za chini kwa karibu, utepe wa mshono kwa karibu, na kifungu kikiwa juu ya mizani. Pembeni pawe na karatasi yenye jina la mteja na tarehe ya siku hiyo, ili ijulikane ni mzigo alionao mkononi. Muuzaji anayekataa hilo amekwisha kujibu.

Huyu alizileta. Ya kwanza nikaangalia mng'aro. Nywele za plastiki hung'aa kama kioo: utaona mstari mweupe mkali unaokata nywele zote mahali pamoja. Nywele za binadamu zina mng'aro mpole, uliovunjikavunjika, hapa upo na pale haupo. Rangi nayo itazame kwenye mwanga wa jua. Nywele ambazo hazijatiwa dawa huwa na weusi unaoingia kahawia, na hazilingani zote. Weusi wa makaa, sawasawa toka juu hadi chini, ni rangi ya kupaka. Rangi peke yake si kosa, lakini mara nyingi hupakwa ili kuficha kwamba nywele zimeokotwa vichwa vingi na kuchanganywa. Hizi za dada zilikuwa nyeusi tititi, ila mng'aro wake haukuwa wa plastiki.

Picha ya ncha ndiyo iliyosema zaidi. Kichwa cha mtu hakioti nywele za urefu mmoja, kwa hivyo kifungu cha kawaida huwa kinene juu na chembamba kidogo chini. Kifungu kinene kutoka juu hadi chini kipo, lakini mtu amekaa akatoa nywele fupi moja moja kwa mkono, na kazi hiyo hulipiwa. Ukikiona kwa bei ya chini, shuku kuna plastiki ndani. Kwa upande wa pili, ukiona kuanzia katikati nywele zimepungua hadi unaona kitambaa kati yake, basi zilizofika inchi 20 ni chache na zilizobaki ni fupi. Ndivyo ilivyokuwa kwa hizi. Juu palijaa, chini mkia wa panya.

Mizani ikathibitisha. Kifungu kamili huwa na gramu 100 au pungufu kidogo. Muuzaji alipiga picha ya mizani ikisoma 98, lakini kifungu kilikuwa bado ndani ya pakiti yake na kadi ya karatasi. Tulipoomba akitoe, ikasoma 76. Na kumbuka kwamba gramu ni zile zile hata urefu ukizidi: kifungu cha inchi 12 na cha inchi 20 vyote vikiwa na gramu 100, kile kirefu kitakuwa na nywele chache zaidi. Ndiyo maana vifungu viwili vifupi hutosha kichwa, na virefu huhitaji vitatu au zaidi. Urefu wenyewe uombe upimwe kwa futi ya fundi cherehani. Nywele za mawimbi hupimwa zikiwa zimenyooshwa, kwa hivyo zikivaliwa huonekana fupi kuliko ulivyolipia.

Kwenye utepe tafuta mistari miwili ya uzi. Mmoja tu, nywele zitamwagika kila unapochana. Vinywele vifupi vinavyosimama juu ya mshono ni vya kawaida kwa utepe wa mashine, lakini vikiwa kama ndevu, vitamchoma mvaaji kichwani.

Yule dada aliachana na hizo. Alichukua za inchi 14 kwa muuzaji mwingine, vifungu viwili, kwa nusu malipo kwanza na nusu baada ya kuuona mzigo.

Kuna jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha hata ikiwa nzuri namna gani. Kila unywele una magamba madogo yanayolala kuelekea ncha. Magamba yakielekea upande mmoja, nywele hazisokotani. Hizo ndizo zinazoitwa "Remy". Zilizochanganywa juu chini huoshwa kwa tindikali ili magamba yatoke, kisha hupakwa silikoni zionekane laini. Zitateleza kama hariri mpaka uzioshe mara mbili tatu, halafu zifungane kama kamba ya katani.

Kwa hivyo mzigo ulipofika tulifanya mambo mawili kabla ya kukata utepe, kwa sababu utepe ukikatwa hakuna anayepokea tena. Nilichomoa nywele chache kutoka sehemu tano za kifungu, maana plastiki ikichanganywa haikai mahali pamoja, nikaziwasha kiberiti moja moja. Ya binadamu hunuka kama ukucha ulioungua na kubaki jivu linalopondeka. Ya plastiki huyeyuka ikawa kitone kigumu. Nywele za mnyama nazo huungua kama za binadamu, kwa hivyo moto unakataa plastiki tu.

Kisha nikaosha ncha za kifungu kimoja kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto, mara tatu, nikaziacha zikauke zenyewe bila mafuta. Zilipokauka nikapitisha vidole kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Kwenda chini ziliteleza, kurudi juu zilikwaruza kidogo. Mkwaruzo huo ndio magamba. Akatuma nusu iliyobaki, nami nikaanza kushona.