Lebo ya lishe na shinikizo la juu la damu

Lebo ya lishe ni jedwali dogo linalochapishwa kwenye paketi, kopo au chupa ya chakula ili kuonyesha kiasi cha nishati na virutubishi vilivyomo. Kwa mtu mwenye shinikizo la juu la damu (presha) mistari mitatu ya jedwali hilo ndiyo yenye uzito zaidi: kipimo cha mlo mmoja, sodiamu na mafuta yaliyoshiba. Wengi huanza na sodiamu, lakini namba yake haina maana kabla ya kujua imehesabiwa kwa chakula kiasi gani.

Kipimo cha mlo mmoja

Kipimo hiki huandikwa karibu na kichwa cha jedwali, kwa gramu, mililita au kwa vitu vya kuhesabika kama vile "vipande 2" au "nusu ya paketi". Namba zote zinazofuata katika safu hiyo ni za kiasi hicho tu. Kipimo si ushauri wa daktari kuhusu kiasi kinachofaa kuliwa. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria inataka kipimo kifuate kiasi ambacho watu hula kwa kawaida. Mahali pengine mtengenezaji ana uhuru zaidi, na kipimo kidogo hufanya namba zote zionekane ndogo.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa namba zake zinafanana na za bidhaa nyingi madukani. Paketi ya tambi zinazoiva kwa dakika chache ina uzito wa gramu 80. Lebo inasema kipimo cha mlo mmoja ni gramu 40, sodiamu ni miligramu 800 na mafuta yaliyoshiba ni gramu 3.5. Mtu mwenye presha akisoma "800" anaweza kuona bado ana nafasi kubwa kwa siku hiyo. Lakini ni nadra mtu kupika nusu ya paketi na kuhifadhi nusu nyingine. Akila yote amepata vipimo viwili, yaani miligramu 1,600 za sodiamu na gramu 7 za mafuta yaliyoshiba.

Lebo nyingi huwa pia na safu ya "kwa gramu 100". Safu hizo mbili hujibu maswali tofauti. Ya gramu 100 hufaa dukani, wakati wa kulinganisha biskuti za aina mbili ambazo vipimo vyake havilingani. Ya mlo mmoja hufaa mezani, wakati wa kuhesabu kilicholiwa, mradi izidishwe kwa idadi ya vipimo.

Sodiamu

Sodiamu, au natiri, ni elementi ya kikemia yenye alama Na (jina la asili ya neno hilo limo pia katika Ziwa Natron nchini Tanzania). Katika chakula hutoka hasa kwenye chumvi ya kawaida, NaCl. Ikizidi, mwili hubaki na maji mengi zaidi, ujazo wa damu huongezeka na msukumo kwenye kuta za mishipa hupanda. Figo huitoa sodiamu ya ziada, lakini kwa watu wengi wenye presha kazi hiyo haifanyiki vizuri.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate chini ya miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, sawa na chumvi chini ya gramu 5, ambayo ni takriban kijiko kimoja cha chai. Ile paketi ya tambi imechukua asilimia 80 ya kiwango hicho kabla ya ugali na mboga za jioni. Sehemu kubwa ya sodiamu hiyo huwa ndani ya kifuko cha viungo, hivyo kutia nusu yake tu hupunguza kiasi kikubwa. Haiondoi yote, kwa sababu tambi zenyewe zimekandwa kwa chumvi.

Kosa la kawaida hutokea kwenye bidhaa zilizotoka nchi mbalimbali. Lebo za Umoja wa Ulaya huandika chumvi, si sodiamu, na kwa gramu badala ya miligramu. Ili kupata chumvi, sodiamu huzidishwa kwa 2.5. Hivyo kopo la maharagwe lenye "sodiamu miligramu 400" na lingine lenye "chumvi gramu 1" kwa uzito uleule yana kiasi kimoja, ingawa la pili laweza kuonekana afadhali, au baya zaidi, kutegemea jicho limetua wapi.

Ulimi nao si kipimo cha kuaminika. Mkate hauna ladha ya chumvi, lakini kipande kimoja mara nyingi huwa na zaidi ya miligramu 100 za sodiamu, na wachache hula kipande kimoja. Katika orodha ya viungo, sodiamu hujificha pia kwenye bekingi pauda na monosodiamu glutamati. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Chumvi ikitajwa ya kwanza, kama ilivyo kwenye vidonge vingi vya supu, jibu limeshapatikana.

Maneno ya mbele ya paketi yasomwe kwa tahadhari. "Sodiamu iliyopunguzwa" kwa kanuni za Marekani maana yake ni pungufu kwa angalau asilimia 25 kuliko bidhaa ya kawaida. Kijiko cha chakula cha mchuzi wa soya huwa na takriban miligramu 900. Ukipunguzwa kwa robo bado hubaki karibu 675. Kuna pia chumvi mbadala ambazo sehemu ya sodiamu imebadilishwa na potasiamu. Husaidia watu wengi wenye presha, lakini ni hatari kwa mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa zinazozuia potasiamu kutoka mwilini, kama enalapili, losatani na spironolaktoni. Huyo amwulize kwanza daktari au mfamasia.

Mafuta yaliyoshiba

Haya ni mafuta ambayo kwa kawaida huganda katika joto la wastani, kama samli, siagi na mafuta ya ng'ombe. Mafuta ya mawese yana takriban nusu yake ya aina hii, na ya nazi zaidi ya robo tatu. Hayapandishi presha moja kwa moja kama sodiamu. Huongeza kolesteroli mbaya katika damu, nayo hujenga utando ndani ya mishipa ambayo tayari inaumizwa na msukumo mkubwa; ndiyo sababu mtu mwenye presha husoma mistari yote miwili.

Kwa anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, kikomo ni takriban gramu 20. Mstari wa "mafuta yote" usichanganywe na huu, kwani karanga zina mafuta mengi lakini yaliyoshiba ni machache. Tambi za mfano wetu hupata zile gramu 7 kwa kukaangwa kiwandani, mara nyingi katika mafuta ya mawese, kabla ya kufungwa kwenye paketi.

Mahali pasipo na lebo

Chipsi za kibandani, supu ya hotelini na mandazi havina jedwali. Magadi yanayotiwa kwenye maharage au makande ili yaive upesi ni chumvichumvi za sodiamu pia, ingawa hakuna anayeyahesabu kama chumvi. Vivyo hivyo, lebo haijui chumvi inayoongezwa jikoni: jedwali la kopo la nyanya huhusu nyanya zilizomo humo, si mchuzi uliopikwa nazo.