Saiklini ya wizi: sarkoma ya Kaposi na ukaguzi wa seli

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walipatikana mkoani Kagera mwaka 1983. Jina la ugonjwa lilikuwa bado halijazoeleka, na Wahaya wengi waliuita Juliana, kama kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara waliokuwa wakivuka mpaka wa Uganda. Pamoja na kukonda na kuharisha, baadhi ya wagonjwa walitokwa na mabaka na vinundu vya rangi ya zambarau iliyokolea. Juu ya ngozi nyeusi rangi hiyo huonekana kama nyeusi tu, ila ndani ya kinywa, kwenye kaakaa, zambarau yake huwa wazi.

Vinundu hivyo havikuwa vigeni katika nchi za Ziwa Viktoria. Moritz Kaposi alivieleza huko Vienna mwaka 1872, na mwaka 1961, miaka ishirini kabla ya UKIMWI kutajwa popote, madaktari walikutana Kampala kuvijadili. Wakati huo waliougua walikuwa hasa wanaume watu wazima, wenye uvimbe miguuni uliokua polepole kwa miaka. Mambo yalibadilika VVU vilipoingia: uvimbe uliwapata vijana na wanawake pia, ukaenda kasi, ukafika hadi mapafuni na tumboni.

Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore wakagundua virusi vinavyousababisha, ambavyo leo huitwa HHV-8. Jeni zake ziliposomwa, ilionekana moja inayofanana mno na jeni ya binadamu inayotengeneza protini iitwayo saiklini, kana kwamba virusi vimeiiba. Kwa anayetaka kuelewa istilahi hii, hakuna mfano ulio wazi kuliko huu wa virusi kubeba saiklini yake mwenyewe.

Saiklini ni protini ambayo kiasi chake ndani ya seli hupanda na kushuka kila seli inapojigawa. Tim Hunt aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1982 katika mayai ya mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba: protini moja iliongezeka polepole, kisha ikatoweka ghafla kila yai lilipogawanyika, halafu ikaanza kupanda upya. Peke yake saiklini haifanyi kazi yoyote. Inahitaji mwenzake, yaani kinasi, kimeng'enya kinachobandika fosfeti juu ya protini nyingine na hivyo kuiwasha au kuizima. Kinasi hizi huwamo ndani ya seli muda wote, ila zimelala. Saiklini inapojishikiza ndipo zinapoamka, na saiklini inapovunjwavunjwa zinalala tena. Ndiyo maana huitwa kinasi tegemezi kwa saiklini, na katika maandishi ya kisayansi hupewa alama ya CDK na namba.

Safari ya seli ina hatua nne. Kwanza hukua, kisha hunakili DNA yake yote, hukua tena kidogo, mwisho hugawanyika. Seli ya binadamu inayogawanyika haraka humaliza mzunguko huu kwa takriban saa 24, na mgawanyiko wenyewe huchukua kama saa moja tu. Katikati ya hatua hizi ndipo penye kile tunachoweza kukiita kituo cha ukaguzi. Baadhi ya watu wangependelea neno kizuizi, lakini dereva wa lori anayetoka Muleba kwenda Bukoba anajua tofauti: kizuizi humsimamisha kila mtu, ilhali kituo cha ukaguzi humwachia mwenye mzigo halali na kumzuia asiye nao. Seli nayo huruhusiwa kuendelea ikiwa DNA ni nzima, na husimamishwa ikiwa imeharibika.

Tukifuate kituo cha kwanza, mlango ulioko kabla ya kunakili DNA. Mlinzi wake ni protini iitwayo Rb. Muda wote ikiwa haina fosfeti, Rb hushikilia protini za kundi la E2F, ambazo ndizo zinazowasha jeni za kunakili DNA. Mwili unapohitaji seli mpya, tuseme ngozi imekatwa na panga shambani, ishara kutoka nje huifanya seli itengeneze saiklini D. Saiklini D huamsha CDK4 na CDK6, na kinasi hizo huijaza Rb fosfeti mpaka iachie E2F. Mlango umefunguka. Lakini seli ina breki vilevile. Protini iitwayo p16 huzibana CDK4 na CDK6. Na DNA ikiharibika, protini p53 huamuru kutengenezwa kwa p21, ambayo huzisimamisha kinasi zinazofuata hadi kasoro irekebishwe. Isiporekebishika, p53 inaweza kuiamuru seli ijiue.

Sasa iingize HHV-8 ndani ya seli inayotanda ukuta wa mshipa. Saiklini ya virusi huishika CDK6 bila kungoja ishara yoyote kutoka nje, na Rb inajazwa fosfeti ingawa hakuna jeraha la kuponya. Baya zaidi, umbo lake limetofautiana na la binadamu kiasi kwamba p16, p21 na ndugu yao p27 hushindwa kuizuia kama inavyotakiwa. Breki zipo na zinakanyagwa, gari haliitikii.

Hata hivyo saiklini ya wizi haitoshi. Seli inayosukumwa kunakili DNA bila mpangilio huharibu DNA hiyo, na uharibifu huo huiamsha p53. Panya waliopewa jeni ya saiklini hii walionyesha jambo hilo vizuri: waliokosa p53 ndio waliopata saratani upesi. Virusi vina jibu hata hapo, kwani vina protini nyingine, LANA, inayoishika p53 na Rb pia. Bado wengi walioambukizwa HHV-8 hawapati saratani maisha yao yote, kwa kuwa kinga ya mwili huzidhibiti seli zilizoshikwa. VVU vinapoibomoa kinga, ulinzi huo wa mwisho huondoka.

LANA ndiyo pia inayomfichua mhalifu. Mgonjwa anayefika hospitali ya Ndolage au ya Rubya na vinundu mguuni hawezi kuthibitishwa kwa macho tu, maana uvimbe mwingine wa mishipa hufanana navyo. Kipande kidogo cha ngozi hukatwa, na maabara yenye uwezo hukitia rangi inayoifuata LANA. Viini vya seli zilizoambukizwa huonekana vimejaa vidoa vya kahawia, kama vitone vya wino.

Matibabu huanza na dawa za kufubaza VVU. Kinga ikirudi, uvimbe mdogo huweza kunywea bila dawa nyingine. Uliosambaa huhitaji dawa za saratani, na hapa kituo cha mwisho cha ukaguzi, kile cha wakati wa kugawanyika, hugeuzwa kuwa mtego. Seli haitenganishi kromosomu zake kabla kila moja haijashikwa na nyuzi zinazovuta kutoka pande zote mbili. Vinkristini huzuia nyuzi hizo zisijengeke, paklitakseli huzigandisha zisiweze kufupika. Vyovyote iwavyo seli hukwama mlangoni, na nyingi hufa. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na nchi nyingine, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa paklitakseli pamoja na dawa za VVU huwasaidia wagonjwa wa hali mbaya kuliko vinkristini ikichanganywa na bleomisini.

Dawa hizi lakini haziulizi saiklini ni ya nani. Seli za mizizi ya nywele na za uboho nazo hugawanyika kila siku, nazo hunaswa. Kwa hiyo nywele hunyonyoka, na kabla ya kila dozi damu hupimwa. Chembe nyeupe zikiwa zimeshuka mno, mgonjwa huambiwa arudi nyumbani asubiri zipande.